Yai la kuuza halioshwi kwenye beseni

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga kuku wa mayai, hapa Kibaha, niliharibu trei nyingi kwa usafi. Ilikuwa masika, banda limelowa, kuku wanaingia kwenye viota na matope miguuni. Nikamwambia kijana wa banda ajaze beseni maji ya bomba, aoshe kila yai kabla ya kupanga. Mayai yalitoka yanang'aa kweli. Siku ya tano muuza chipsi wangu akapiga simu: "Shikamoo mama. Hili yai limenimwagia zege lote, karai zima linanuka." Yai viza. Na halikuwa peke yake kwenye trei ile.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mayai yale yalioza kwa sababu yalioshwa. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na hapo ndipo hewa hupita. Kuku anapotaga, yai hutoka na unyevunyevu juu ya ganda ambao hukauka baada ya muda mfupi na kuwa utando mwembamba. Utando huo ndio unaoziba vitundu. Ukisugua yai ndani ya maji unauondoa. Halafu kuna jambo baya zaidi: yai lililotoka kiotani lina joto la mwili wa kuku, na maji ya bomba ni ya baridi kuliko yai. Likizamishwa, vilivyomo ndani husinyaa kidogo, na ganda huvuta maji kupitia vile vitundu. Maji yenyewe yameshaosha mayai thelathini yenye kinyesi. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunaingiza kinyesi ndani ya yai, kisha tunalipangusa lipendeze.

Siku hizi yai chafu nalisafisha likiwa kavu. Natumia msasa laini au kitambaa kigumu kikavu, nasugua pale penye doa tu. Kitambaa kibichi nacho ni beseni lilelile kwa umbo lingine. Lililochafuka sana siliuzi kwa trei. Kama ni lazima lioshwe, maji yawe ya moto kuliko yai, kiasi kwamba mkono unayavumilia lakini unayahisi, yawe yanatiririka, yai lisilowekwe, likaushwe papo hapo na lipikwe siku hiyohiyo. Huko Marekani mayai ya dukani huoshwa kiwandani, ila huoshwa kwa maji ya moto na dawa, kisha yanakaa kwenye ubaridi mpaka yafike kwa mlaji. Sisi hatuna huo mnyororo wa ubaridi, kwa hiyo tusiige nusu ya kwanza peke yake.

Dawa hasa ya yai chafu iko kiotani. Maranda yawe makavu na mengi, nabadilisha yanapoanza kushikana. Jioni nafunga viota, kwa sababu kuku akilala humo atakinyea usiku kucha na yai la asubuhi litaangukia hapo. Kisha kukusanya mara nyingi. Kuku wengi hutaga kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo napita saa tatu, saa tano na saa saba, halafu mara ya mwisho saa kumi na moja jioni. Kiota chenye mayai sita yamelundikana ndicho kinachozaa nyufa: kuku wa saba anaingia, anakanyaga, anajigeuza. Likishapasuka moja, ute unapaka mengine, na kuku mmoja akionja ndipo tabia ya kula mayai inapoanza.

Nakusanya moja kwa moja kwenye trei. Ndoo niliiacha kabisa, maana mayai ya chini hubeba uzito wa yote ya juu na nyufa zake huzioni mpaka kesho. Kwenye trei, upande butu unakaa juu na ncha inakaa chini. Upande butu una chumba cha hewa. Ukikiweka chini, hewa hutafuta kupanda, kiini nacho hupanda kuelekea ganda, na yai huchoka mapema.

Kuchoka kwa yai mteja hukuona kwenye kikaango. Yai la jana likivunjwa, kiini kinasimama na ute mzito unakizunguka. La zamani linatandaa kama maji. Kinachofanyika ni hewa ya ukaa kutoka taratibu kupitia ganda na ute kulegea, na joto ndilo linaloharakisha. Stoo yangu ya kwanza ilikuwa chini ya bati tupu. Saa nane mchana humo ndani ungeweza kuangulia vifaranga! Sasa nina chumba chenye dari, upande usiopigwa na jua la mchana, dirisha la wavu, trei juu ya kichanja, mbali na vitunguu na mafuta ya taa, kwa sababu yai hunyonya harufu. Wenzetu wa Dodoma hutundika magunia yaliyolowa dirishani na chumba kinapoa vizuri. Huku Pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, gunia halikauki, unaishia kupata ukungu tu. Dawa yangu ni kutolimbikiza: kila trei naiandika tarehe kwa penseli, ya zamani inatoka kwanza, na hakuna inayofikisha wiki nyumbani. Yaliyowahi kuingia friji yabaki frijini. Ukiyatoa kwenye joto yanatoka jasho, na hilo jasho ni maji ya beseni tena.

Kupanga madaraja nafanya jioni, taa imezimwa, tochi ya simu imezibwa kwa kadibodi yenye tundu dogo kuliko yai. Ufa mwembamba hung'aa kama uzi. Chumba cha hewa kikiwa kidogo, yai ni jipya. Kikiwa kikubwa na kinachezacheza, kuna kiota ulikisahau. Ukishazoea, masikio nayo yanasaidia: gonganisha mayai mawili taratibu, mazima yanalia kama vigae, lenye ufa linatoa sauti ya kufa.

Juzi kuku wangu 400 walinipa mayai 318. Machafu ya kusugua yalikuwa 14, mawili hayakufaa kabisa. Yenye ufa yalikuwa sita, ngozi ya ndani haijatoboka, nikayapika yakaiva vizuri jioni ileile. Yaliyobaki ya kuuza, 310, nikayagawa kwa uzito. Mipaka nimeiazima Ulaya: chini ya gramu 53 ni madogo, kuanzia 53 hadi chini ya 63 ni ya kati, kuanzia 63 ni makubwa. Sipimi kila yai, jicho linajua. Lile la kutilia shaka ndilo linapanda mizani ya jikoni. Mchanganyiko ndio unaoleta ugomvi: mteja akikuta madogo manne katikati ya makubwa anaona umemwibia, hata kama trei nzima ina uzito ule ule.

Makubwa mno nayaangalia kwa wasiwasi. Kuku akizeeka yai linakua lakini ganda halinenepi kwa kasi hiyo, kwa hiyo hayo hayapandi bodaboda, nayauza hapahapa mtaani.

Yanayosafiri nayapanga trei sita, kila trei ikigeuzwa robo mzunguko juu ya mwenzake ili vilele vya trei vikutane na kubeba uzito badala ya mayai. Juu naweka trei tupu, chini gunia lililokunjwa, kisha mpira. Yule muuza chipsi bado anavunja kila yai langu kwenye kikombe kabla ya kumimina kwenye karai. Nami simlaumu.