Kupima maumivu ya mtoto mdogo: dhana potofu kuhusu nyuso na tabia

Vipimo viwili hutumika sana kwa watoto wadogo. Cha kwanza ni chati ya nyuso zilizochorwa, ambayo mtoto mwenyewe huonyesha uso mmoja. Cha pili ni kipimo cha tabia, na kinachojulikana zaidi ni FLACC, ambacho mhudumu hujaza kwa kumtazama mtoto. Makosa mengi ya wodini huanzia hapo, pale kazi ya kipimo kimoja inapopewa kingine.

Dhana: Nesi anamtazama mtoto, kisha anachagua kwenye chati uso unaofanana na wake.

Hili ndilo kosa linaloharibu kipimo kuliko yote, na linatokea kila siku kwa sababu linaokoa muda. Chati ya nyuso ni njia ya mtoto kueleza anavyojisikia ndani, kwa hiyo haipimi sura yake inavyoonekana kwa nje. Mtoto anaweza kutazama katuni uso ukiwa mkavu kabisa, huku kidonda kinamuuma sana. Ukimchagulia uso wewe, namba unayoandika ni maoni yako, lakini atakayeipokea zamu ataisoma kama kauli ya mtoto.

Njia sahihi ni kumwekea chati mbele yake na kumwelekeza kwa maneno yasiyobadilika. Tuchukue chati ya nyuso sita iliyorekebishwa mwaka 2001, ile ya FPS-R. Gusa uso wa kwanza kushoto umwambie: “Nyuso hizi zinaonyesha mtu anavyoumwa. Huyu haumwi kabisa.” Pitisha kidole kwenye nyuso zinazofuata, mmoja mmoja: “Huyu anaumwa zaidi, na huyu zaidi, mpaka huyu wa mwisho, anaumwa sana sana.” Kisha: “Nionyeshe uso unaoonyesha wewe unavyoumwa sasa hivi.” Nyamaza, umpe nafasi. Nyuso hizo huhesabiwa 0, 2, 4, 6, 8 na 10, na namba hizo ni za mhudumu. Mtoto hana haja ya kuzijua. Usiseme “huyu amefurahi” wala “huyu ana huzuni”, kwa maana ukishasema hivyo unapima furaha, na mtoto aliyemkumbuka mama yake atakuonyesha uso wa mwisho hata kama hana maumivu. Mzazi naye aombwe kwa upole asimjibie mtoto.

Dhana: Chati zote za nyuso ni sawa, tofauti ni michoro tu.

Chati ya Wong na Baker, iliyobuniwa miaka ya 1980, huanza na uso unaotabasamu na kuishia na uso wenye machozi. FPS-R haina tabasamu wala machozi. Mtoto asiye na maumivu lakini asiyejisikia kucheka anaweza kuukwepa uso wa tabasamu na kuchagua unaofuata, hivyo alama inapanda bila sababu. Upande wa pili, mtoto aliyezoea kuambiwa asilie anaweza kuukataa uso wa machozi japo anaumwa kupita kiasi. Wodi ichague chati moja na ibaki nayo. Ukipima asubuhi kwa hii na jioni kwa ile, huwezi kusema maumivu yamepungua au yameongezeka.

Dhana: Mtoto akishajua kuongea, anaweza kutumia chati ya nyuso.

Kuongea hakutoshi. Mtoto anatakiwa aweze kupanga vitu kutoka kidogo hadi kikubwa, na wengi wa miaka 3 hawajafika hapo. FPS-R hutumika kuanzia takriban miaka 4, na hata katika umri huo wapo wasioielewa. Dalili ni rahisi kuiona: mtoto anachagua uso wa kwanza au wa mwisho tu, au anagusa uso uleule kila akiulizwa, au anachagua kwa sababu anaupenda. Mpime kabla ya operesheni, akiwa mtulivu, kwa kumpa vikaratasi vitatu vya ukubwa tofauti avipange. Akishindwa, mtumie FLACC, na umwulize tu kama anaumwa “kidogo” au “sana”.

Dhana: Aliyelala kimya haumwi.

FLACC ilichapishwa mwaka 1997 na ikapimwa kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 7 waliotoka kufanyiwa operesheni. Ina sehemu tano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kubembelezeka. Kila sehemu hupewa 0, 1 au 2, jumla ikawa 0 hadi 10. Alama 1 hadi 3 ni maumivu madogo, 4 hadi 6 ya wastani, 7 hadi 10 makali.

Mtoto mwenye maumivu ya tumbo hugundua upesi kwamba akijisogeza anaumia, kwa hiyo anajizuia. Chukua mtoto wa miaka 3, siku moja baada ya operesheni ya tumbo. Amelala chali, macho wazi, hajali kinachoendelea. Uso ni 1, kwa sababu amejitenga. Sehemu nyingine zote ni 0. Jumla ni 1, na anayepima kwa kuchungulia mlangoni ataandika hivyo aondoke.

Sasa mpime vizuri. Funua shuka uione miguu, mtazame angalau dakika moja hadi mbili, kisha mgeuze ubavu taratibu huku mkono wako ukihisi kama mwili umekaza. Anakunja uso mfululizo na kubana taya: 2. Anavuta magoti tumboni: 2. Anajinyonganyonga: 1. Anaguna bila kulia: 1. Mama akimshika na kuongea naye anatulia: 1. Jumla ni 7. Mtoto ni yuleyule, na kati ya 1 na 7 kumepita dakika chache tu. Kwa hiyo andika daima alama imechukuliwa akiwa ametulia au akigeuzwa.

Usingizi nao hudanganya, maana mtoto aliyechoka kwa maumivu hulala. Na kwa mtoto aliyepewa dawa ya kulegeza misuli FLACC haifai kabisa, kwa kuwa tabia zinazohesabiwa haziwezi kuonekana.

Dhana: Alama ikiwa kubwa, ni maumivu.

Njaa, woga na nepi iliyolowa vinaweza kuleta alama kubwa pia. Mbebe, mlishe kama anaruhusiwa kula, mbadilishe, kisha pima tena. Lakini kama kuna sababu ya wazi ya maumivu, kama kidonda kipya, usicheleweshe dawa ukisubiri uhakika.

Dhana: Namba inatosha kuchagua dawa.

Hakuna alama inayolingana na dozi fulani. Dozi hutokana na uzito wa mtoto, dawa alizokwisha kupewa na hali yake. Alama inasaidia kujua kama dawa imefanya kazi. Pima tena dakika 15 hadi 30 baada ya dawa ya mshipa, na karibu saa moja baada ya dawa ya kumeza, kwa kipimo kilekile na kitendo kilekile. Kwa yule mtoto wa operesheni ya tumbo, faili lisomeke hivi: “FLACC 7 akigeuzwa, saa 4:10 asubuhi; dawa ya mshipa saa 4:15; FLACC 3 akigeuzwa, saa 4:40: uso 1, miguu 1, mwendo 0, kilio 1, kubembelezeka 0.”