Unene wa Lipu na Sehemu Zinazolia Tupu

"Lipu ikipigwa nene kwa mkupuo mmoja, ukuta huwa imara zaidi."

Katika kuta za matumbawe za Malindi, zenye mabonde mengi, imani hii inaeleweka. Lakini tabaka nene huvutwa chini na uzito wake, husinyaa likikauka, kisha huachana na ukuta. Bonde la milimita 30 hujazwa kwanza kwa tabaka la milimita 15, ambalo hukwaruzwa lingali bichi na kuachwa ligande kabla ya la pili. Ukuta wenyewe husuguliwa vumbi mapema na kulowanishwa bila kutiririka maji, kwa kuwa jiwe kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika. Lipu iliyokauka igonge kwa kifundo cha kidole: palipoachana hulia kama mtungi mtupu, na hapo, kwa maoni yangu, afadhali kubandua.