Kubobea au kujua mengi: maana yake kwa fundi anayeanza kazi Mwanza

Mbobezi ni mtu aliyeshika aina moja ya tatizo akalirudia mpaka akajua undani wake. Mjuzi wa mengi hupokea kila kinacholetwa mlangoni, akakitengeneza kwa kiasi anachokijua. Kijana anayetoka chuo cha ufundi huambiwa achague kimoja kwa kusikiliza moyo wake. Mimi naona aanze na hesabu.

Tuchukue mashine za mitumbwi, maana ziwani kila mtu anazifahamu. Mtumbwi umerudi kwa kasia, mwenyewe analalamika kwamba mashine inawaka vizuri kisha inazima baada ya nusu saa. Fundi wa kila kitu atabadilisha plagi, atasafisha kabureta, itawaka, atalipwa. Kesho inazima tena katikati ya maji. Aliyebobea haanzi kwa spana. Anaiwasha mashine ikiwa imezama kwenye pipa la maji, anatazama ule mchirizi mwembamba unaotoka nyuma yake. Ukiwa dhaifu, maji hayafiki kwenye silinda kuipoza. Anafungua mguu wa mashine na kukuta pangaboi ndogo ya raba ya pampu ya maji imelika kwa mchanga, mabawa mawili hayapo. Kufunga raba mpya ni nusu ya kazi tu. Anajiuliza yale mabawa mawili yamekwenda wapi, anayatafuta mpaka anayakuta yameziba bomba la juu. Asingeyatoa, mashine ingeendelea kuchemka hata ikiwa na pampu mpya, na mwisho pistoni ingekwama.

Huko kujiuliza vipande vimekwenda wapi ndiko kubobea. Hakuji kwa kusoma peke yake. Kunakuja kwa kuona tatizo hilohilo mara nyingi, likiwamo lile ulilokosea ukarudishiwa. Ndiyo maana hesabu ni ya lazima.

Tuseme umekwenda kwenye mwalo mdogo wa kisiwani wenye mashine 30, na kila moja inahitaji fundi mara moja katika miezi mitatu. Hizo ni kazi 10 kwa mwezi. Mzee ambaye wavuvi wamemzoea anachukua 7, wewe unabaki na 3. Hapo tatizo si njaa tu. Kwa kazi 3 kwa mwezi, ile pampu unaweza kuiona mara moja kwa mwaka, na utakuwa umeshasahau. Mahali kama hapo, anayekula ni yule anayetengeneza pia jenereta, pampu ya kumwagilia na pikipiki. Adam Smith, mchumi wa Uskoti, alilieleza jambo hili mwaka 1776: kazi hugawanyika kulingana na ukubwa wa soko, na katika milima ya kwao mkulima alilazimika kuwa mchinjaji na mwoka mikate wa nyumba yake mwenyewe.

Sasa njoo upande wa mjini, tuseme mialo inayofikika kwako ina mashine 300 na mafundi 5. Kwa kiwango kilekile ni kazi 100 kwa mwezi, 20 kwa kila fundi. Huku kubobea kunalipa, na kunafundisha haraka.

Lakini angalia unabobea katika nini. Wavuvi wa dagaa walivulia karabai za mafuta ya taa kwa miaka mingi, na waliozitengeneza walikuwa na kazi ya uhakika. Taa za betri na za sola zilipoingia, aliyejua kifaa kile tu alibaki na kifaa. Aliyebobea kwenye mashine ya mtumbwi ana nafuu kidogo: upozaji kwa maji, njia ya mafuta na mfumo wa moto vinamfuata hata mashine ya aina nyingine ikija, ingawa atalazimika kujifunza upya namna oili inavyotumika. Mashine nyingi za zamani huchanganyiwa oili na petroli. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, dumu la lita 20 linachukua mililita 400. Zile za mipigo minne zina oili yake ya peke yake.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, namwambia akae mwaka wa kwanza chini ya fundi penye mashine nyingi, apokee kila chenye injini, na awe na daftari. Kila kazi aiandike kwa kosa lililokuwamo, na aweke alama kwenye zile ambazo fundi mwingine alikwisha kuzishindwa. Alama zikijikusanya kwenye kosa la aina moja, hapo kuna nafasi ya mbobezi, na watu wako tayari kuilipia. Zikitawanyika, aendelee kupokea yote bila aibu.

Na asifanye hesabu hiyo kwa wiki mbili. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri kwa taa, mitumbwi huvutwa ufukweni, na mashine zilizovumiliwa gizani zote huletwa kwa fundi kwa pamoja.