Weupe uliozaliwa mara mbili

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kompyuta yake huku amekunja uso. "Mwalimu, hapa kuna kosa. Faili linasema Waluhya na Wachina ndio wenye badiliko, Wazungu hawana."

Alikuwa anatumia data za Mradi wa Jenomu 1000, zilizo wazi kwa yeyote. Ndani yake wamo Waluhya wa Webuye, Kenya (LWK), Waitaliano wa Toscana (TSI) na Wahan wa Beijing (CHB). Alikuwa amechukua mtu mmoja mmoja kutoka kila kundi na kuangalia sehemu mbili tu za jenomu, zote zinazohusika na rangi ya ngozi:

```
kundi   rs1426654   rs1800414
TSI     A/A         T/T
LWK     G/G         T/T
CHB     G/G         C/C
```

Kila mtu ana herufi mbili kwa kila sehemu, moja ya baba na moja ya mama. Kilichomchanganya mwanafunzi ni safu ya kwanza, ile ya rs1426654. Programu hulinganisha kila mtu na jenomu rejea, yaani ile moja iliyowekwa kuwa kipimo cha wote, na chochote kinachotofautiana nayo hukiita badiliko. Sasa jenomu hiyo, mahali hapo, imebeba A, kwa sababu vinasaba vilivyotumika kuitengeneza vilitoka kwa mtu mwenye A. Sokwe wana G. Waafrika wengi wana G. Kwa hiyo G ndiyo ya zamani, na A ndiyo mgeni. Faili halikusema uongo, lilianza kuhesabu kutoka upande usiofaa tu.

Ukishaugeuza upande huo, jedwali linasomeka vizuri. Mtaliano kabadilika kwenye safu ya kwanza tu. Mchina kabadilika kwenye ya pili tu. Mluhya hajabadilika popote. Watu wawili wenye ngozi nyeupe kuliko yake, na hakuna herufi hata moja kati ya hizi mbili wanayochangia. Si Wahan wote wenye C/C kama huyu, wengi wana C moja tu na wengine hawana kabisa, lakini Ulaya herufi hiyo karibu huioni.

Tuanze na ya Ulaya. Imo kwenye jeni iitwayo SLC24A5, na hadithi yake ilianzia kwa samaki. Kuna samaki mdogo wa mistari anayefugwa maabara, na kuna aina yake ambayo mistari imefifia mpaka anaonekana wa dhahabu. Mwaka 2005 kundi la Keith Cheng, Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, lilionyesha kwamba kilichoharibika kwa samaki huyo ni jeni hii. Walipomtia ujumbe wa jeni ileile kutoka kwa binadamu akiwa bado kiinitete, weusi ulirudi. Ndipo wakauliza kama watu nao hutofautiana hapo. Wakakuta herufi moja, G kuwa A, inayoifanya protini ibadili asidi amino yake ya 111 kutoka alanini kuwa threonini. Karibu Wazungu wote wanayo A. Kwa hesabu yao, herufi hiyo peke yake inaeleza kati ya asilimia 25 na 38 ya tofauti ya rangi baina ya watu wa asili ya Ulaya na wa asili ya Afrika. Kwa herufi moja, hiyo ni nyingi mno.

Protini hiyo ni mlango wa kubadilishana chumvi. Hupitisha kalsiamu upande mmoja na sodiamu upande mwingine ndani ya seli za rangi, mahali vinapotengenezwa vifuko vidogo vya melanini. Mlango ukilegea, vifuko vinakuwa vichache, vidogo na vyepesi. Ndivyo ilivyo kwa yule samaki wa dhahabu, ukimtazama chini ya hadubini.

Ya Asia ya Mashariki imo kwenye jeni nyingine, OCA2. Huku kwetu jeni hii inajulikana kwa sababu nyingine kabisa: watu wengi wenye ualbino Tanzania wamepotelewa na kipande chake cha herufi kama 2,700, kutoka kwa baba na kwa mama. Mabadiliko ya Kichina hayafiki huko. Ni herufi moja, nayo inabadili asidi amino ya 615 kutoka histidini kuwa arginini. Protini ya OCA2 hupunguza uchachu ndani ya kifuko cha rangi. Kimeng'enya kinachotengeneza melanini, tairosinezi, hakifanyi kazi vizuri kwenye uchachu, kwa hiyo OCA2 ikizembea kidogo, kifuko kinabaki kichachu na melanini inapungua. Mlango tofauti, hitilafu tofauti, ngozi inayofanana kwa macho.

Tunajuaje kwamba hawakurithi weupe huu kwa babu mmoja? Angekuwepo babu huyo, herufi zake tungezikuta pande zote mbili. Kuna ushahidi wa pili ninaoupenda zaidi. Herufi hairithiwi peke yake, hurithiwa pamoja na majirani zake kwenye kromosomu. Ukiwachukua watu wenye ile A, awe Mreno au Mhindi, majirani ni walewale. Maana yake A ilitokea mara moja, kwa mtu mmoja, halafu ikasambaa. Baadhi ya watu wa Ethiopia na Tanzania wanayo pia, na majirani wanatuambia ilirudi Afrika na wahamiaji kutoka Asia ya Magharibi.

Yapo mabadiliko machache ya rangi yanayoonekana pande zote mbili, kama lile la karibu na jeni ya KITLG, kwa hiyo njia hazikuachana kabisa. Lakini kazi kubwa ilifanyika baada ya mababu wa pande hizi kutengana, miaka zaidi ya 40,000 iliyopita. Kaskazini miale ya urujuanimno ni haba, hasa kipindi cha baridi, na ngozi nyeusi huizuia hata ile kidogo inayohitajika kutengeneza vitamini D. Jua hafifu lilizisukuma pande zote mbili kuelekea kulekule. Lakini jua haliumbi herufi. Herufi hukosewa kwa bahati, popote, na kila upande ulitumia kosa lililotangulia kujitokeza kwake. Rangi inategemea jeni nyingi, na karibu kila moja ikilegea ngozi inang'aa, hivyo hakukuwa na sababu ya pande mbili kuangukia ileile.

Ila nadharia ya vitamini D ina shimo. Binadamu wamekaa Ulaya zaidi ya miaka 40,000, na bado mwindaji wa pango la La Braña, kaskazini mwa Hispania, aliyeishi miaka kama 7,000 iliyopita, alikuwa na G/G. Wakulima waliotoka Anatolia ndio walioingia na A kwa wingi. Wapo wanaosema mwindaji alipata vitamini D kwa samaki na nyama, na mkulima wa nafaka akaikosa. Mimi naona inawezekana, ila haitoshi, maana wawindaji wa Skandinavia nao walikuwa na A kabla ya kilimo kufika kwao.

Magazeti yalimchora yule wa La Braña akiwa mweusi mwenye macho ya buluu. Macho sina ubishi nayo. Kuhusu ngozi, mwanafunzi wangu alirudi kwenye jedwali lake, akaweka kidole kwenye mstari wa CHB. "Na huyu je? Naye ni G/G."

Nikamwambia aandike hivyohivyo kwenye ripoti.