Anayechafua njo mwenye kulipa: lakini analipa nini, na wewe unaonyesha vipi?

Tangu mvua imeanza, malalamiko kwenye serivisi yetu ya mazingira hapa Lubumbashi imezidi sana, na karibu yote inafanana: basini ya maji machafu ya sosiete fulani imejaa, maji imetoka, imeingia kwenye kamto, mboga zimeungua. Watu wanakuja na hasira na wako na haki ya kukasirika, lakini wengi wanakuja na mikono mitupu na mawazo ya uongo juu ya sheria, sasa wacha nieleze.

Katiba yetu, artikle 54, inasema uchafuzi wowote unaotokana na kazi ya biashara lazima ulete fidia ao kurekebisha. Sheria ya mazingira ya 2011, nambari 11/009, nayo inaandika wazi kanuni ya mwenye kuchafua kulipa. Na kwa upande wa mine, Kodi ya mine tangu marekebisho ya 2018 iko na artikle 285 bis: mwenye haki ya kuchimba anapaswa kurekebisha hasara aliyoleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira hata kama hakufanya kosa lolote. Soma tena hiyo ya mwisho. Kila siku mtu ananiambia « lakini sisi hatuwezi kuonyesha kama walifanya uzembe ». Hauombwi kuonyesha uzembe! Unaombwa kuonyesha hasara, na kama hiyo hasara imetoka kwenye kazi yao. Wao njo wanapaswa kuonyesha kama imetoka kwa kitu kingine kisichohusu mine yao. Na wasiseme tu « ni mvua », juu mvua ya mwezi wa kwanza Lubumbashi si mgeni, mtu anayejenga basini anajua itakuja.

Sasa tuchukue kisa kimoja. Tuseme mama mmoja analima lengalenga na mahindi pembeni ya kamto, chini ya kiwanda kinachotoa kopa na kobalti kwenye mawe kwa kutumia asidi ya sulfuriki. Asubuhi anakuta maji imegeuka rangi, majani imekauka pembeni kama yamepitishwa moto, samaki zinaelea. Mchana anafika mtu wa sosiete na bahasha na karatasi moja ya kusaini. Hiyo karatasi ni dishaji, na mara nyingi ndani imeandikwa kwamba umepata yote na hautadai tena kitu. Mama anaona makuta, anasaini, kwa msimu ujao bulongo haioti kitu na hapo njo anakuja kutuona. Tafazali, usisaini siku hiyo. Kupokea msaada wa maji ya kunywa si shida, kusaini mwisho wa madai njo shida.

Kitu cha kufanya siku hiyo ni hiki. Watoto na mifugo wasiguse maji. Ita shefu wa karitie aone na macho yake, piga foto zinazoonyesha mahali pote, si jani moja tu. Halafu chukua maji, na hapa njo watu wengi wanakosea: wanaleta chupa moja tu, ya pale pachafu. Chupa moja haisemi kitu, juu sosiete itajibu kwamba kamto kalikuwa hivyo tangu zamani. Unahitaji chupa mbili, moja ya juu kabla maji ya kiwanda haijaingia, nyingine ya chini kisha kuingia. Chupa mpya ya plastiki, vaa ganda za mikono, suuza chupa mara tatu na maji ile ile ya pale, jaza mpaka juu, funga, andika tarehe, saa na mahali, weka pa baridi, lete siku ile ile. Usitie dawa yoyote ndani, labo njo itajua. Maji ya kamto ya kawaida inakuwa na pH, ile namba ya kupima asidi, karibu ya 7. Ikishuka na namba moja asidi imezidi mara kumi, kwa hiyo kutoka 7 mpaka 4 ni mara elfu moja. Ukikuta juu 7 na chini 4, hapo uhusiano na kiwanda unaanza kuonekana. Halafu barua ya malalamiko: kopi mbili, moja ibaki kwako na muhuri ya kupokelewa. Bila muhuri hiyo barua haikufika, njo hivyo.

Na analipa nini? Si mavuno ya msimu huu tu. Ni pia maji ya kunywa wakati visima vinachunguzwa, ni kusafisha bulongo, ni bei ya labo, ni mavuno yatakayokosekana mpaka shamba lirudi. Watu wanachanganya na vitu vitatu vingine. Amende inaenda kwa Leta, haiko fidia yako, na sosiete kulipa amende haiiondolei deni kwako. Taksi ambayo sosiete inalipa kwa Leta haiko ruhusa ya kuchafua. Na ile garanti ya makuta ambayo sosiete ya mine inaweka mbele ni ya kurudisha sawa mahali pa mine, haiko kasha ya kulipa majirani.

Kanuni hii haichagui ukubwa pia. Fundi wa garaji anayemwaga mafuta ya vidange kwenye kaniveau ni mchafuzi, tena wengi kati ya wale wanaolalamika kwetu hawapendi kusikia hii.

Kanuni ya pili, ya tahadhari, watu wanaitumia vibaya zaidi. Asidi kuingia kwenye mto si mambo ya tahadhari, ile ni hatari inayojulikana na ilipaswa kuzuiwa, basi. Tahadhari ni pale sayansi bado haijamaliza kusema. Azimio la Rio la 1992, kanuni ya 15, inasema kama kuna hatari ya hasara kubwa ao isiyoweza kurudishwa, kukosa uhakika kamili wa sayansi kusiwe sababu ya kuchelewesha hatua za kuzuia.

Mfano wake uko kwetu hapa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya watoto wanaozaliwa na kilema hapa mjini. Walikuta hatari iko juu zaidi pale baba anafanya kazi inayohusu mine. Ni metali gani kamili inaleta ile shida, na kwa njia gani, hawakuweza kumaliza kuonyesha. Sasa kuna mashefu wa kazi wanasema « basi tungoje ». Hapana! Njo hapo tahadhari inafanya kazi: baba anarudi na salopeti imejaa vumbi, mama anaifua kwenye beseni moja na nguo za mtoto. Kuweka dushi na mahali pa kubadilisha nguo kule kazini, na salopeti zifuliwe kule kule, si gharama ya kufunga mine. Hatua inalingana na hatari, na inabadilishwa sayansi ikileta jibu.

Lakini woga tu haitoshi. Ukituandikia tufunge kazi ya jirani « kwa tahadhari », tutakuuliza alama gani inakufanya uwaze kuna hatari: utafiti, ugonjwa unaorudia kwa nyumba nyingi, harufu, vumbi, wanyama kufa. Ukikuwa na hizo, andika hata kama labo haijajibu, weka tarehe ya kila moja, na omba hatua moja ya wazi, kwa mfano kusimamisha kuyeyusha betri zenye risasi ndani ya parsele yenye watoto mpaka uchunguzi ufanyike.