Kwa nini waifai yenye nguvu inakwama?

"Chumbani kompyuta inasoma −62 dBm na video inakwama. Uani inasoma −70 na video inakwenda. Si ingekuwa kinyume?"

Namba hizo ni nguvu ya mawimbi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo kubwa. Lakini inayoamua ni namba nyingine, ile ya kelele. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya waifai. Utaona `RSSI`, yaani nguvu ya mawimbi, na `Noise`, yaani kelele. Katika nyumba ya aliyeuliza, kelele ilikuwa −75 chumbani na −94 uani. Ukitoa, mawimbi yanaizidi kelele kwa desibeli 13 tu chumbani, ila kwa 24 uani.

Kwa miaka nami niliangalia `RSSI` peke yake, hata nikawahi kufunga rauta ya pili mahali ambapo haikuhitajika. Kosa hilo ni rahisi kulifanya, kwa sababu nguvu kweli ni kubwa zaidi chumbani. Kila desibeli 10 ni mara kumi, na tofauti ya 8 ni zaidi ya mara sita. Lakini fikiria umekaa karibu na spika za harusi: jirani yako anapaza sauti na bado humsikii. Ukitoka nje, mtu aliye mbali anaongea taratibu na unamwelewa. Kompyuta nayo, kelele ikiikaribia sauti, inapunguza kasi na kurudiarudia vipande vilivyopotea.

Chanzo kilikuwa mezani: diski ya nje ya USB 3.0 iliyoegemea kompyuta. Waya wa aina hiyo ukiwa na kinga hafifu humwaga kelele kwenye gigahezi 2.4, masafa yale yale ya waifai. Tulipoichomoa, kelele ilishuka hadi −93, na `RSSI` ikabaki −62.

Ndiyo maana ninapopanga waifai ya nyumba nachora ramani kwa mkono, nazunguka na kompyuta ile ile, nasimama dakika moja kila chumba na kuandika namba zote mbili. Mahali ambapo mawimbi yako chini ya −67 na kelele iko karibu na −90, rauta ni mbali au ukuta ni mnene. Hapo kifaa cha pili kinasaidia. Mahali ambapo mawimbi ni mazuri lakini tofauti haifiki 20, natafuta kwanza kinachopiga kelele, au nahamia gigahezi 5.

Programu za simu za Android kwa kawaida zinaonyesha nguvu tu, bila kelele. Na hata kwenye kompyuta, waifai ya majirani huenda isihesabiwe kama kelele. Kwa hiyo tofauti ikiwa nzuri na video bado inakwama, angalia ni rauta ngapi zinagombea chaneli yako.