Mita mia nne za kwanza Ziwa Kivu: maneno kwa waogeleaji wa Pwani

Tangu Ironman 70.3, mashindano ya triathloni ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, ilipofika Rubavu, mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, mwaka 2022, wanatriathloni wa Mombasa, Kilifi na Dar wamekuwa wakiniuliza swali moja: nimezoea Bahari Hindi yenye mawimbi na mikondo, ziwa litanishinda nini? Kilomita 1.9 za kuogelea zenyewe hazimshindi mtu aliyejiandaa. Kinachomshinda ni kipande cha kutoka ufukweni hadi boya la kwanza, akiwa katikati ya watu wengi, kwenye maji ambayo mwili wake haujayazoea.

Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari. Ukitoka bahari ya chumvi ukaingia humo, utahisi nyonga zimeshuka, kwa sababu chumvi ndiyo iliyokuwa ikikubeba. Kisha ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Nyali, na kasi unayoiita ya wastani nyumbani huko inakuwa kasi ya kukutweta. Hili halionekani ukitembea ufukweni ukipiga picha. Linajitokeza kama mita 100 baada ya filimbi, wakati mapigo ya moyo yameshapanda na kuna mguu wa mtu mbele ya uso wako.

Ndiyo maana nauanzia utulivu kwenye pumzi. Habari za kuwa jasiri naziacha kando. Mtu akiogopa majini huzuia pumzi bila kujua. Anavuta hewa, anaingiza uso, anaibana, anageuka kuvuta tena huku mapafu bado yamejaa. Kabonidioksaidi inalimbikizana mwilini, na hiyo ndiyo inayoleta hisia ya kukabwa, hata kama oksijeni bado ipo ya kutosha. Anayehisi hivyo hujitahidi kuvuta zaidi, na kila akivuta hali inazidi. Dawa ni kutoa. Toa pumzi kupitia puani na mdomoni muda wote uso ukiwa ndani ya maji, viputo visikatike, ili ukigeuka upande kazi iliyobaki iwe kuvuta tu. Wanafunzi wangu wengine huguna wimbo majini. Kuguna ni kuzuri, maana huwezi kuguna huku umebana pumzi.

Katika mita 150 za mwanzo, vuta hewa kila baada ya mikono miwili. Achana na mtindo wa kila mikono mitatu unaofundishwa bwawani. Unafaa kusawazisha mwili, lakini kwenye msongamano wa mwinuko ule unakunyima hewa unayoihitaji. Na kabla ya kuanza, kama waandaaji wanaruhusu, ingia majini dakika kumi mapema, zamisha uso, toa pumzi ndefu, ogelea taratibu hadi kifua kizoee. Wasiporuhusu, mwagia maji usoni na shingoni, kisha kimbia papo hapo kidogo, ili moyo usishtuke ukiwa tayari ndani.

Pa kusimama napo pana uzito. Kama wote wanaanza pamoja, usisimame katikati ya mstari wala mahali palipo jirani zaidi na boya, kwa sababu kila mtu amepachagua hapo. Simama pembeni, upande ambao utaliona boya unapogeuka kuvuta hewa. Filimbi ikilia, hesabu hadi kumi, ndipo uingie. Sekunde kumi katika safari ya dakika arobaini hazina hasara, na pale mbele yako pataachwa nafasi yenye maji matupu. Mkanda wa miwani uvae chini ya kofia ili teke lisiing'oe. Ikitoka, geuka chali, imwage maji, ibandike, endelea.

Hofu ikikushika hata hivyo, geuka chali na upige miguu ukijisogeza nje ya kundi. Usisimame wima palepale, maana wa nyuma hawakuoni, watakupanda. Ukiwa chali, toa pumzi ndefu mara kumi. Inaruhusiwa kushika kayaki ya waokoaji au boya ukapumzika, mradi havikusogezi mbele. Wengi hawajui, wanadhani kuigusa kayaki ni kufukuzwa mashindanoni. Mama mmoja ninayemfundisha aliniambia, "Kocha, nilikuwa naiona kayaki lakini niliogopa kuondolewa." Ukihitaji msaada, inua mkono juu na uupunge.

Lakini si kila kukosa pumzi ni hofu. Kuna hali ambapo majimaji hujaa mapafuni wakati wa kuogelea, hata kwa mtu mwenye afya na mazoezi. Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, mlio wa kukoroma kifuani, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi, na pumzi inayozidi kubana ingawa umepunguza kasi. Kipimo changu ni hiki: hofu hupungua ukigeuka chali na kutoa pumzi, hali hii haipungui. Hapo inua mkono, toka majini, umwone daktari siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua nayo usiyasubiri yapite. Utafiti uliofuatilia triathloni za Marekani kati ya 2006 na 2008 ulikuta vifo 14, na 13 kati yake vilitokea kwenye kuogelea.

Sasa kundi limetawanyika kidogo na unapata nafasi ya kutumia miguu ya mwenzako. Kwenye baiskeli, mashindano mengi ya wasio wataalamu hukataza kujibanza nyuma ya mtu. Majini ni halali. Anayeogelea mbele yako ameshayapasua maji, nawe ukikaa nyuma ya vidole vyake, kati ya kugusa na nusu mita, ukinzani wa maji unapungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Ukikaa ubavuni, kichwa chako kikiwa usawa wa nyonga zake, nafuu ipo lakini ni ndogo zaidi. Faida ya ubavuni ni kwamba unaona mbele na huli viputo usoni.

Utajuaje uko mahali pake? Ukiwa nyuma, unaviona viputo vya miguu yake na unahisi mikono inapita kirahisi kuliko kasi yenyewe inavyostahili. Viputo vikipotea umeachwa au umetoka pembeni. Ukigusa nyayo zake kila mara, wewe una kasi kuliko yeye: mpite, au sogea ubavuni. Usimpapase miguu mfululizo. Atakerwa na atakupiga teke, na kwa kweli siwezi kumlaumu. Na usianze kutafuta miguu kabla ya mita 150. Miguu ya mwanzo karibu yote ni ya watu waliotoka kwa kasi wasiyoiweza, na muda si mrefu watasimama mbele ya uso wako.

Kasoro ya kufuata miguu ni kwamba mwenye miguu naye anaweza kuwa amepotea. Hivyo kunyanyua macho hakukomi, kunapungua tu. Ukiwa peke yako tazama mbele kila baada ya mikono minane hadi kumi, ukiwa nyuma ya mtu kila baada ya mikono ishirini hivi. Namna yake: mkono wa mbele unapoanza kukandamiza maji, nyanyua uso kiasi cha miwani tu kutoka juu, mdomo ubaki majini. Tazama, kisha hapohapo geuza kichwa upande uvute hewa. Kutazama na kuvuta ni vitendo viwili. Anayevuta hewa akiwa anatazama mbele hulazimika kutoa kichwa kizima, miguu inazama, na kwenye maji yasiyo na chumvi ya kukubeba inazama zaidi ya ulivyozoea baharini. Kama kuna wimbi, tazama ukiwa juu yake. Ukilikosa boya mara moja, tazama tena kwenye mkono unaofuata badala ya kusimama na kugeukia kuogelea kwa mtindo wa chura.

Je, kupotoka kidogo kunagharimu kiasi gani? Tuseme boya la kwanza liko mita 400, na unaogelea mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 10. Ukipotoka nyuzi 10 kwa mita 200, kisha ukagundua na kuelekea moja kwa moja kwenye boya, utakuwa umeogelea kama mita 406. Hizo sita za ziada ni sekunde nane tu. Ukipotoka nyuzi 30 kwa mita hizohizo 200, jumla inafika karibu 448, na umepoteza zaidi ya dakika moja. Kwa hiyo sikubaliani na wanaofundisha kutazama kila mikono mitatu. Kila utazamapo miguu inashuka na mwendo unakatika, na unayoyapata ni mita chache mno. Kama miguu unayoifuata imeelekea kando ya boya kwa nyuzi chache, kaa nayo. Ikielekea kando kabisa, iache.

Boya dogo la rangi huwezi kuliona kila mara, kwa hiyo chagua alama kubwa nyuma yake ukiwa bado ufukweni. Manahodha wetu wa Pwani wanalijua hili siku nyingi: unalinganisha alama mbili, ya karibu na ya mbali. Zikibaki zimepangana uko kwenye mstari. Ya karibu ikihamia kulia kwa ile ya mbali, wewe umesukumwa kushoto. Anga ikiwa safi, volkano ya Nyiragongo iliyo kaskazini inaonekana kwa mbali na haikosewi. Ila isiwe alama yako pekee, maana mawingu huifunika. Jua la asubuhi linachomoza upande wa milima ya Rwanda, hivyo unaporudi Rubavu laweza kukupiga usoni. Vaa miwani yenye vioo vyeusi, na ufuate umbo la mlima au la jengo kubwa, kwa sababu rangi ya boya inayeyuka kwenye mwanga.

Mazoezi ya yote haya hayahitaji Kivu. Bwawani, kwenye njia isiyo na mtu, fumba macho uogelee mikono ishirini kisha angalia umegusa kamba ipi. Sasa unajua mwili wako huvutia upande gani, na ziwani utarekebisha upande huo kabla ya kuliona kosa. Kisha watu wanne waingie njia moja waanze pamoja kwa filimbi, waogelee mita 50 wakigusana mabega, wabadilishane nafasi, warudie. Wiki ya kwanza wanne hao hucheka na kumeza maji. Wasipoacha, baada ya wiki kadhaa wanaendelea kutoa viputo hata mkono wa mtu unapowatua kisogoni.